Msaada: VPN imeandikwa Kichina yote, nibonyeze wapi?

Binti wa Uyole (#1)
Habari za jioni wanajukwaa. Kaka yangu ananunua vipuri Guangzhou, mimi nipo dukani Mwanjelwa. Kila wiki natuma orodha ya oda na picha za vipuri kwenye tovuti ya ghala la kulekule. Nikiwa safarini natumia waifai ya gesti, na kaka hataki nitume vitu vya biashara kwenye waifai ya watu bila VPN. Alipokuja mwezi uliopita akaniwekea ya kwake kwenye simu, akalipa, akaondoka. Tatizo ni moja: kila kitu ni Kichina, na kaka muda huu yuko kwenye meli, hapatikani.

Nimeinakili skrini kama ilivyo. Juu kuna vitufe vitatu:

```
规则 | 全局 | 直连
```

Chini yake kuna orodha hii:

```
DIRECT                                71 ms
香港 01 | 深港专线 | 2x   Trojan      610 ms
新加坡 02 | 直连 | 1x     Trojan      298 ms
日本 03 | 沪日专线 | 2x   Trojan      超时
德国 01 | 直连 | 1x       Hysteria2   超时
南非 01 | 直连 | 0.5x     Trojan      164 ms
剩余流量: 31.4 GB
套餐到期: 2026-03-18
```

Nilibonyeza ule mstari wa GB 31.4 nikidhani ndio seva kubwa kuliko zote. Kurasa zikagoma kufunguka. Naomba mnielekeze, mie ni mgeni kabisa wa mambo haya.

Fundi Mwanjelwa (#2)
Dada, hilo nimeshalitengeneza kwa wateja wengi. Ukipiga picha yale maandishi kwa kamera ya kutafsiri, 直连 inakuja "unganisha moja kwa moja". Maana yake hakuna mzunguko. Bonyeza kile kitufe cha tatu juu, 直连, halafu washa. Hizo 2x na 0.5x ni kasi, chukua 2x. Namba za ms zikiwa ndogo ndio vizuri. Utanishukuru.

Binti wa Uyole (#3)
Asante kaka fundi. Nimebonyeza 直连, nimewasha, alama ya ufunguo imetokea juu ya skrini, na intaneti inakimbia kama haina VPN. Nadhani tumemaliza.

Mwalimu wa Mafinga (#4)
Mimi pia nilijaribu hizi za intaneti ya bure mwaka juzi. Bando likiisha na yenyewe inakufa. Usipoteze muda dada, nunua kifurushi cha wiki.

Binti wa Uyole (#5)
Mwalimu, bando ninalo. Si intaneti ya bure ninayotafuta.

Mzee wa Kihesa (#6)
Kamweneni kutoka Iringa. Binti, hapo kwenye #3 umeandika "inakimbia kama haina VPN", na ndivyo ilivyo hasa. Haina VPN.

Vile vitufe vitatu vya juu havichagui seva. Vinachagua namna ya kupitisha mawasiliano. 规则 ni kwa kanuni, yaani baadhi ya tovuti zinapita kwenye seva na nyingine hazipiti. 全局 ni vyote vipite kwenye seva. 直连 ni vyote vitoke kwenye simu yako kwenda mtandaoni bila kugusa seva yoyote. Aplikesheni inakuwa imewaka, Android inaiona imewaka ndiyo maana inachora ufunguo, lakini ndani imeambiwa "acha kila kitu kipite nje". Ufunguo unakuambia aplikesheni inafanya kazi. Haukuambii mawasiliano yako yamepita wapi.

Usiniamini kwa maneno. Zima VPN, fungua ukurasa wowote unaoonyesha anwani yako ya IP, andika ile namba na nchi kwenye karatasi. Kisha washa VPN, fungua ukurasa uleule upya. Namba zikifanana, hujapita kwenye seva.

Binti wa Uyole (#7)
Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyosema. Kabla ya kuwasha: Tanzania. Baada ya kuwasha: Tanzania, na namba ni ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Kumbe jana nimetuma oda nzima hivyohivyo nikiwa gesti.

Fundi Mwanjelwa (#8)
Mzee wa Kihesa, kwa heshima, hapo sikubaliani. Nimeingia kwenye simu ya mteja mwenye aplikesheni ya aina hiyohiyo, nikachagua 新加坡 02 yenye neno 直连, nikapima IP, ikaja Singapuri. Sasa kama 直连 maana yake ni kutopita kwenye seva, Singapuri imetoka wapi? Neno ni moja, herufi ni zilezile mbili. Angalieni orodha ya dada, 直连 imo kwenye seva tatu.

Mzee wa Kihesa (#9)
Swali zuri, na kwa kweli Kichina sikijui. Mimi nimezijua aplikesheni za namna hii kwa kuziona zikifanya kazi, si kwa kusoma. Kitufe cha juu nina uhakika nacho. Hayo ya kwenye majina ya seva tumwachie anayesoma.

Niliyesoma Wuhan (#10)
Nipo. Nimekaa Wuhan miaka mitano, nilisomea udaktari. Wote wawili mko sawa, kila mmoja kwa mahali pake.

直连 ni "kuunganishwa moja kwa moja". Swali ni nini kinaunganishwa na nini. Kwenye vitufe vya juu ni simu yako na tovuti, moja kwa moja, seva imerukwa. Kwenye jina la seva ni simu yako na seva yenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kituo cha katikati. Kwa hiyo 新加坡 02 | 直连 inasema: ukiichagua, simu inaongea na Singapuri bila kusimama njiani.

Ili muelewe kwa nini muuzaji anahangaika kuliandika, tazameni ya Hong Kong. Ile 深港专线. 深 hapo ni kifupi cha Shenzhen, 港 ni kifupi cha Hong Kong, 专线 ni njia maalumu. Mteja aliyeko China anaingilia Shenzhen, kisha muuzaji anampitisha kwenye njia yake ya kulipia mpaka Hong Kong. Ya Japani ni hivyohivyo: 沪 ni Shanghai, 日 ni Japani. Ukiwa China hizo ndizo bora na ndizo ghali. Sisi tuliokuwa hosteli tulizigombania usiku.

Sasa wewe dada uko Uyole. Ukichagua 深港, mawasiliano yako yanatoka Mbeya, yanaingia China mpaka Shenzhen, ndipo yanavuka kwenda Hong Kong, ndipo yanatoka duniani. Ndiyo maana inasoma 610. Imetengenezwa kwa mtu ambaye tayari yuko ndani ya China.

Tunduma Mpakani (#11)
Kamera yangu ilinitafsiria 深港 kuwa "bandari yenye kina". Nikasema labda ni seva ya melini.

Niliyesoma Wuhan (#12)
#11 kamera haikukosea sana. 深 ni kina na 港 ni bandari, ukizisoma kama maneno ya kawaida. Hapa ni vifupi vya majina ya miji, na kamera haiwezi kujua muuzaji alikusudia nini.

Mama Chai Mufindi (#13)
Mwanangu Uyole, mbona hakuna aliyelisema hili? Hapo imeandikwa Trojan mara nne. Trojan ni virusi! Mwanangu wa kwanza alifutiwa kazi zake zote za chuo na Trojan. Ondoa hicho kitu kwenye simu leo.

Mzee wa Kihesa (#14)
Mama, jina limefanana, kitu ni tofauti. Kwenye safu hiyo pameandikwa itifaki, yaani namna simu na seva zinavyoongea. Virusi na itifaki vyote viwili vimeazima jina la farasi wa mbao kwenye hadithi ya Wagiriki, yule aliyebeba askari tumboni. Itifaki ya Trojan inajificha ndani ya mawasiliano ya kawaida ya tovuti, yale ya mlango wa 443, kwa hiyo anayetazama kutoka nje anaona kama mtu anayefungua tovuti tu. Haifuti kazi ya mtu.

Na binti, hilo ndilo jepesi kwako kwenye skrini nzima: majina ya itifaki hayatafsiriwi. Iwe Kichina, Kirusi au Kiarabu, utakuta Trojan, Hysteria2, WireGuard, OpenVPN, IKEv2 kwa herufi hizihizi. Ukiona herufi za kilatini katikati ya usizoweza kusoma, anzia hapo. Tofauti ni kwamba kwenye aplikesheni nyingine unachagua itifaki mwenyewe kwenye mipangilio, na kwenye ya kwako kila seva imekuja na ya kwake, hubadilishi.

Mama Chai Mufindi (#15)
Nimekuelewa kuhusu jina. Ila kompyuta ya mwanangu ilifutwa kweli, na mimi moyo wangu hautulii nikiliona neno hilo.

Tunduma Mpakani (#16)
Naomba nimsahihishe fundi kwenye #2 kuhusu 2x, maana ilinigharimu. Si kasi. Mimi nilikuwa na mpango wa GB 50 kwa mwezi. Nikakaa kwenye seva ya 2x nikashusha video za mafunzo ya injini, simu ikahesabu GB 3. Nikaangalia ule mstari wa 剩余流量, ulikuwa 20, sasa unasoma 14. Nikajua wamenikata GB 6. Kila MB unayotumia wanaihesabu mara mbili. Ya 0.5x wanaihesabu nusu.

Na ule mstari si seva, ni ubao wa salio. Muuzaji hana pengine pa kuandika salio lako, kwa hiyo analibandika kwenye orodha kama seva. 剩余流量 ni data iliyobaki, wa chini yake ni tarehe ya kwisha. Dada, ndiyo maana ulipoibonyeza kurasa ziligoma.

Fundi Mwanjelwa (#17)
Nimekubali kwa 2x. Lakini kwa nini wauze kitu kilekile kwa bei mara mbili kama hakina kasi zaidi?

Niliyesoma Wuhan (#18)
Kwa sababu ile njia maalumu ya Shenzhen inawagharimu zaidi. Kwa aliyeko China ina kasi kweli, kwa hiyo hukukosea sana. Kwa aliyeko Mbeya analipa mara mbili ili azungushwe.

Binti wa Uyole (#19)
Nimejifunza mengi ndani ya saa moja. Basi nikafanya hivi: nimebonyeza 全局, kitufe cha kati, ili vyote vipite kwenye seva. Nimewasha. Nimepima IP. Bado Tanzania! Mzee wa Kihesa, nimekosea wapi?

Mzee wa Kihesa (#20)
Ukiwa kwenye 全局, tazama orodha tena. Tiki iko kwenye mstari gani?

Binti wa Uyole (#21)
Iko kwenye DIRECT, ule wa kwanza kabisa. Sikuigusa mimi.

Mzee wa Kihesa (#22)
Ndiyo hiyo. Orodha ya 全局 ina chaguo lake peke yake, haifuati lile ulilochagua kwenye 规则. Ukiingia mara ya kwanza, mara nyingi tiki inakuwa kwenye wa kwanza, na wa kwanza ni DIRECT. Umeiambia "vyote vipite mahali pamoja", na mahali penyewe ni nje. DIRECT na kile kitufe cha 直连 ni kitu kimoja kwa lugha mbili. Ndiyo sababu ms zake ni 71 tu: haina seva ya kupitia, itachelewa wapi?

Sogeza tiki kwenye 南非 01 kisha upime.

Binti wa Uyole (#23)
Afrika Kusini! Namba zimebadilika zote. Ndaga fijo mzee.

Kinyozi Makambako (#24)
Kwa nini 规则 isitoshe? Mimi natumia hiyo mwaka mzima na IP inaonyesha nje. 全局 inafanya kila kitu kizito, hata WhatsApp.

Mzee wa Kihesa (#25)
Kwako inatosha, kwa binti haitoshi, na sababu iko kwenye swali lake la kwanza. Hizo kanuni zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa China. Kwa kawaida zinasema: tovuti ikiwa ya China, ipite nje ya seva, maana Mchina hahitaji VPN kufungua tovuti ya kwao. Zilizobaki zote zipite kwenye seva. Ukurasa wako wa kupima IP si wa China, kwa hiyo unapita kwenye seva na kukuonyesha nje, nawe unaridhika.

Sasa binti anatuma oda wapi? Kwenye tovuti ya ghala la Guangzhou. Kati ya kila anachofungua, ile tovuti moja anayotaka ilindwe kwenye waifai ya gesti ndiyo ambayo kanuni zitaiachia ipite nje. Na kipimo cha IP hakitamwambia kitu.

Binti wa Uyole (#26)
Mzee, nitajuaje kwa tovuti ile hasa?

Mzee wa Kihesa (#27)
Aplikesheni nyingi za aina hii zina ukurasa ulioandikwa 连接. Uache wazi, rudi kwenye tovuti ya ghala, fungua kitu kimoja, kisha rudi 连接. Utaona mistari, kila mmoja na jina la tovuti, na pembeni njia iliyopitia. Tafuta jina la tovuti ya ghala. Pembeni yake kukiwa na DIRECT, imepita nje. Kukiwa na 南非 01, imepita kwenye seva.

Binti wa Uyole (#28)
Nimefanya mara mbili. Kwenye 规则: tovuti ya ghala, pembeni DIRECT. Kwenye 全局: tovuti ileile, pembeni 南非 01. Ni kama ulivyosema. Picha za vipuri zinachelewa kidogo kupanda, lakini zinapanda.

Sauti ya Vwawa (#29)
Mnamhangaisha dada wa watu. Hiyo tovuti ya ghala ina kufuli pale juu kwenye kivinjari? Kama ina kufuli, maandishi na picha zake zimeshafungwa, mwenye waifai wa gesti hawezi kuzisoma hata bila VPN. Anaona jina la tovuti tu.

Binti wa Uyole (#30)
Kufuli lipo.

Niliyesoma Wuhan (#31)
Sauti ya Vwawa ana hoja ya kweli. Mimi lakini bado ningeipitisha kwenye seva, kwa sababu ya zile aplikesheni nyingine zinazofanya kazi chinichini ambazo huzioni kama zina kufuli au hazina.

Sauti ya Vwawa (#32)
Na muuzaji wa VPN je? Ukitumia 全局, umemtoa mwenye gesti unayemwona uso kwa uso ukamweka mtu usiyemjua jina, sasa yeye ndiye anayeona kila tovuti unayofungua. Mimi nisingeingiza benki humo.

Kinyozi Makambako (#33)
Benki iogope kwa sababu nyingine pia. Niliacha imewaka, nikafungua aplikesheni ya benki, wakaona nimetokea Singapuri dakika kumi baada ya kutoa pesa Makambako. Wakanifungia mpaka nikaenda tawini na kitambulisho. Izime kwanza, ndipo ufungue benki.

Shemeji wa Songea (#34)
Yangu haina Kichina ila inanichanganya vilevile, ina vifupi vya nchi tu. Nataka Afrika Kusini nimechagua SA, nikapata matangazo ya Kiarabu. Na CH ni China, siyo?

Mzee wa Kihesa (#35)
Shemeji, SA ni Saudia. Afrika Kusini ni ZA, kutoka jina lake la zamani la Kiholanzi. CH ni Uswisi, China ni CN. Ujerumani ni DE kwa sababu wenyewe wanaiita Deutschland. Bendera nazo usizitegemee sana kwenye skrini ndogo: Uholanzi na Luxemburg zinatofautiana rangi ya buluu tu, na Chadi na Romania huzitofautishi kabisa.

Fundi Mwanjelwa (#36)
Kwa nini Afrika Kusini ni 164 na Singapuri 298? Ni umbali tu?

Mzee wa Kihesa (#37)
Umbali ni sehemu. Kutoka Mbeya mpaka Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,000, Singapuri inakaribia 8,000. Mwanga ndani ya nyuzi unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi Johannesburg ni milisekunde 20 hivi, Singapuri 80. Angalieni namba za binti ziko mbali kiasi gani na hizo. Zilizobaki ni mizunguko ya mikongo, foleni, na salamu ambazo simu na seva wanapeana kabla ya kuanza, maana aplikesheni hii haipimi umbali mtupu, inapima kufungua ukurasa mdogo kupitia seva.

Na namba ya leo si ya kesho. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika siku moja? Hiyo ni kati ya inayotuunganisha na kusini kwa njia ya bahari. Siku kama ile ya Afrika Kusini inaweza kuwa mbaya kuliko ya Singapuri.

Kinyozi Makambako (#38)
Siku ile nakumbuka vizuri. Wateja walikaa kwenye kiti wakazungumza wao kwa wao.

Binti wa Uyole (#39)
Limebaki moja. Ujerumani, 德国 01, inaandika 超时 kila nikijaribu. Japani nayo. Kamera inasema "muda umepita". Seva zimekufa?

Fundi Mwanjelwa (#40)
Zimekufa. Mwambie kaka adai pesa.

Mzee wa Kihesa (#41)
Kwa Ujerumani ningesubiri kabla ya kudai. Yenyewe ni Hysteria2, nyingine zote ni Trojan. Hysteria2 inatumia UDP, na waifai nyingi za gesti na ofisi zinazuia UDP zikabakiza kufungua tovuti tu. Trojan inapita kwa sababu inafanana na tovuti. Zima waifai, tumia data ya laini, pima tena Ujerumani. Ikiamka, kosa ni la waifai.

Niliyesoma Wuhan (#42)
Na Japani ni 沪日, mlango wake uko Shanghai. Wauzaji wengine huufunga mlango huo kwa anayetokea nje ya China. Inaweza kuwa nzima kabisa kwa kaka akiwa Guangzhou na isifunguke kamwe kwako.

Binti wa Uyole (#43)
Nimepima. Japani 超时 kote, waifai na laini. Ujerumani kwa waifai 超时, kwa laini imesoma 241! Nikafurahi. Nimerudia nusu saa baadaye kwa laini ileile, 超时 tena.

Mzee wa Kihesa (#44)
Hapo maelezo yangu yamefika nusu njia. Waifai inazuia, hilo linaonekana. Laini ikikubali mara moja na kukataa mara ya pili, inaweza kuwa mtandao wa simu unabana UDP jioni kukiwa na watu wengi, au seva yenyewe imezidiwa.

Fundi Mwanjelwa (#45)
Au imekufa nusu. Mimi nabaki na langu.

Tunduma Mpakani (#46)
Au muuzaji amebadilisha seva na orodha ya simu ni ya zamani. Yangu kuna kitufe cha kuzungusha mshale, 更新, unaleta orodha mpya. Jaribu hicho kabla ya kudai pesa.

Mwalimu wa Mafinga (#47)
Samahani nilisoma swali vibaya mwanzoni. Kuna jambo hamjaligusa. TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023, wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa, mwisho ulikuwa tarehe 30 mwezi huohuo. Binti anatuma oda za duka. Hajahusika?

Sauti ya Vwawa (#48)
Naamini lile liliwalenga makampuni.

Mwalimu wa Mafinga (#49)
Nililisoma, liliwataja watu binafsi pia. Binti, uliza ofisi yao ya kanda pale Mbeya, usitegemee sisi.

Binti wa Uyole (#50)
Nitauliza Jumatatu. Je, nikibadilisha lugha ya aplikesheni iwe Kiingereza, nitaacha kuwasumbua?

Niliyesoma Wuhan (#51)
Nusu. Nenda 设置, kisha 语言, vitufe vya aplikesheni vitabadilika. Majina ya seva hayatabadilika, kwa sababu hayakuandikwa na mwenye aplikesheni, yameandikwa na muuzaji na yanashuka kama yalivyo. 深港 itabaki 深港. Ila ule mkanganyiko wa 直连 utaisha, maana kitufe cha juu kitasomeka Direct na kwenye seva itabaki Kichina.

Binti wa Uyole (#52)
Nimebadilisha. Sasa kiko Global, tiki kwenye 南非 01, ukurasa wa IP unasema Afrika Kusini na ukurasa wa mawasiliano unaonyesha tovuti ya ghala inapita hukohuko. Nimebonyeza ule mshale wa #46, orodha imekuja upya na Japani imeondoka kabisa. Ujerumani sasa ziko mbili, 德国 01 na 德国 02. Ya pili ni Trojan na inasoma 233 hata kwenye waifai. Ya kwanza bado 超时.

Fundi Mwanjelwa (#53)
Si nilisema imekufa.

Mzee wa Kihesa (#54)
Ipime alfajiri kwa laini kabla hamjaizika.